Sauti ya Bluetooth inachelewa nyuma ya picha: dalili, vyanzo na namna ya kupunguza pengo

Malalamiko haya yanarudi kila siku kwa sura zilezile. Mwigizaji ameshafunga mdomo ndipo neno lake linasikika. Risasi imeshapigwa kwenye gemu na adui ameshaanguka, halafu ndipo mlio unafika. Wengi huamini hedifoni zao ni mbovu na kwenda kununua nyingine, kisha wanakuta tatizo liko palepale. Mara nyingi hakuna kilichoharibika.

Sauti inayopitia Bluetooth ina safari ndefu kuliko picha. Simu au kompyuta huibana kwanza kwa kodeki, huikata vipande, huvirusha hewani, halafu hedifoni huvikusanya kwenye bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayozuia mkatiko pale kipande kimoja kikipotea njiani. Baada ya hapo ndipo sauti inafunguliwa na kusikika. Kwa kodeki ya kawaida ya SBC, safari nzima huchukua kama milisekunde 150 hadi 250, na sehemu kubwa ya muda huo inatumika kusubiri ndani ya bafa. Picha yenyewe haisubiri chochote kati ya hivyo.

Je, pengo hilo ni kubwa? Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa mwongozo wa utangazaji mwaka 1998 unaosema mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikichelewa kama milisekunde 125, na ikipita 185 haikubaliki tena. Sauti ikitangulia picha tunakuwa wakali zaidi: milisekunde 45 tu zinatosha kugundua. Ushike huo upande wa pili, utatufaa wakati wa kurekebisha.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, jiulize swali moja: unaangalia filamu au unacheza gemu? Filamu imeshatengenezwa, kwa hiyo programu inaweza kuichelewesha picha makusudi hadi sauti ifike, na wewe usijue kitu. Kwenye gemu hilo haliwezekani, maana picha inatokana na kidole chako cha sasa hivi. Picha ikisubiri sauti, gemu lote linakuwa zito mkononi. Kwa hiyo filamu unaitibu kwa kusogeza picha, na gemu unalitibu kwa kufupisha njia ya sauti. Ushauri mwingi unaozunguka unachanganya mambo haya mawili, na ndiyo maana watu wanajaribu kila kitu bila mafanikio.

Kisha fanya kipimo cha kwanza, ambacho hakichukui hata dakika: zima Bluetooth na usikilize kwa spika ya kifaa chenyewe au kwa waya. Kama midomo na maneno bado havilingani, Bluetooth haihusiki. Faili lina kasoro, au kifaa kimezidiwa na kazi.

Dalili: filamu yote ina pengo lilelile, mwanzo hadi mwisho

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, na ndiyo nyepesi kuliko zote kutibu.

Chanzo cha kawaida ni programu isiyofidia ucheleweshaji. Programu nyingi kubwa za video huuliza mfumo wa simu sauti inachelewa kiasi gani, kisha huirudisha picha nyuma kwa kiasi hicho. Ndiyo sababu hedifoni zilezile zinaweza kuwa sawa kabisa kwenye programu moja na kuharibika kwenye nyingine. Jaribu video ileile, au video nyingine yenye mtu anayezungumza, kwenye programu mbili tofauti. Ikiwa moja iko sawa, umeshampata mkosaji.

Chanzo cha pili ni hedifoni zinazotoa taarifa isiyo sahihi. Bluetooth ina utaratibu unaoziwezesha hedifoni kuiambia simu, "Mimi nachelewa kiasi hiki." Baadhi hazisemi chochote, na nyingine husema namba isiyofanana na hali halisi. Hapo programu inafidia, lakini kwa kipimo kibaya. Utaijua kwa sababu programu zote zina kasoro ileile, ilhali hedifoni za mtu mwingine kwenye simu hiyohiyo ziko sawa. Angalia kwanza kama kuna sasisho la hedifoni ndani ya programu ya mtengenezaji wake. Halafu iondoe hedifoni kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uwashe upya vifaa vyote viwili, na uunganishe upya.

Yote hayo yakishindikana, rekebisha kwa mkono. Tuchukue programu ya video ya VLC kwenye kompyuta ya Windows au Linux. Tafuta kipande ambacho mtu anaonekana uso kwa karibu, na usubiri neno lenye p, b au m, kwa sababu herufi hizo hazitamkiki bila midomo kugusana. Mlango unaofungwa kwa kishindo au makofi pia yanafaa. Bonyeza herufi `J`. Kila mbonyezo unaileta sauti mbele kwa milisekunde 50, na namba inaonekana juu ya picha kwa muda mfupi. Herufi `K` inafanya kinyume chake. Kwenye filamu ya fremu 24 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 42, kwa hiyo kila mbonyezo ni zaidi kidogo ya fremu moja.

Tuseme ukifika -150 bado unahisi sauti inajivuta, ukifika -200 midomo inagusana na "p" inasikika hapohapo, na ukifika -250 neno linaonekana kutoka kabla mdomo haujafunguka. Basi rudi -200, na ukiwa na shaka kati ya mbili, chagua -150 badala ya -250. Hapa ndipo ile 45 ya mwanzo inapofanya kazi: sauti inayochelewa kidogo jicho linaisamehe, inayotangulia haliisamehe.

Wanaotumia programu ya mpv wanaweza kuweka kipimo hicho tangu mwanzo, kwa sekunde:

```
mpv --audio-delay=-0.2 filamu.mkv
```

Alama ya kutoa ni lazima. Ukiisahau, unaongeza ucheleweshaji badala ya kuupunguza. Na ukibadilisha hedifoni au ukirudi kwenye waya, rudisha sifuri, vinginevyo utakaa saa nzima ukiisikia sauti ikitangulia.

Dalili: kwenye televisheni pengo ni kubwa, na kila ukirekebisha linazidi

Hapa watu wengi wanaumia bure kwa sababu ya mpangilio mmoja. Televisheni nyingi zina kitu kinachoitwa `AV Sync`, `Lip Sync` au `Audio Delay`. Kwenye nyingi ya hizo, kidhibiti hicho kinaweza kuichelewesha sauti tu. Kilitengenezwa kwa ajili ya spika za waya, ambako sauti hufika kabla ya picha kwa sababu televisheni inatumia muda kuichakata picha. Kwa Bluetooth tatizo ni la upande wa pili, kwa hiyo ukisogeza kidhibiti unajiongezea pengo. Kirudishe sifuri kwanza. Baadhi ya televisheni zina marekebisho ya pekee kwa ajili ya Bluetooth, na kama yako inayo, tumia hayo.

Jambo la pili ni `Game Mode`. Hali hii inapunguza uchakataji wa picha ili gemu liwe jepesi, maana yake picha inafika mapema zaidi na sauti ya Bluetooth inabaki nyuma zaidi. Ukiangalia filamu, izime. Kwenye televisheni inayochakata picha sana, kuizima tu kunaweza kufunika makumi ya milisekunde.

Kama filamu inatoka kwenye kisanduku kilichochomekwa, unganisha hedifoni kwenye kisanduku na si kwenye televisheni, kisha fanya marekebisho ndani ya programu inayocheza filamu. Apple TV ina njia nzuri hapa: ukifungua `Wireless Audio Sync` ndani ya `Video and Audio`, inatoa milio ambayo iPhone iliyo karibu inaisikiliza na kupima pengo, halafu inafidia yenyewe.

Spika ndefu inayowekwa chini ya televisheni isiunganishwe kwa Bluetooth kabisa kama ina tundu la HDMI. Tumia waya kwenye tundu lililoandikwa `ARC` au `eARC`. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu spika yenyewe haitembei popote, hivyo Bluetooth haikupi faida yoyote zaidi ya kukuondolea waya mmoja.

Wale wanaohitaji hedifoni zisizo na waya kwa televisheni ya zamani, suluhisho ni kirushio kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la sauti la televisheni, chenye kodeki ya aptX Low Latency, pamoja na hedifoni zenye kodeki hiyohiyo. Njia hiyo inashuka hadi karibu milisekunde 40. Upande mmoja ukikosa kodeki hiyo, vifaa vitarudi kwenye SBC kimyakimya na hutaambiwa. Ukitumia tundu la sauti la mwanga, weka sauti ya televisheni kuwa `PCM`, kwa kuwa virushio vingi haviwezi kufungua sauti ya Dolby na utapata ukimya mtupu.

Dalili: mwanzoni iko sawa, pengo linakua kadiri filamu inavyoendelea

Bluetooth haifanyi hivi kwa kawaida. Ucheleweshaji wake unakaa palepale au unayumba kidogo, hauongezeki taratibu kwa saa nzima. Faili limebadilishwa kasi ya fremu vibaya, au kifaa hakina nguvu ya kufungua video hiyo na picha ndiyo inayobaki nyuma. Simamisha filamu na uiendeleze: pengo likipotea kisha likaanza kukua tena, kifaa kimezidiwa. Punguza ubora wa video, au washa ufunguaji wa video kwa maunzi ndani ya programu. Kama pengo linaendelea kukua hata kwenye kifaa chenye nguvu, tafuta nakala nyingine ya faili.

Dalili: pengo linapanda na kushuka, na sauti inakatika

Kukatika ndiyo alama. Bluetooth inatumia masafa ya gigahezi 2.4, na humohumo ndimo ilimo Wi-Fi ya zamani, oveni ya maikrowevu, na vifaa vingine vingi. Kipande cha sauti kikipotea kinarushwa tena, na baadhi ya hedifoni hujibu kwa kurefusha bafa ili zisikatike. Unapata sauti safi zaidi, na pengo pana zaidi.

Anza na mwili wako. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji yanameza masafa haya. Simu iliyo mfuko wa nyuma, na hedifoni ambayo antena yake iko upande mwingine, ni njia mbaya. Weka simu mezani mbele yako na usikilize tofauti. Halafu hamishia simu kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5 kama ruta inayo. Kwenye kompyuta, diski ya nje ya USB 3.0 iliyo jirani na kipokezi cha Bluetooth cha USB huzalisha kelele kwenye masafa yaleyale, na dawa yake ni waya mfupi wa USB wa kukisogeza kipokezi mbali na diski. Mwisho, hedifoni zinazounganishwa na vifaa viwili kwa pamoja zitenganishe na kimoja.

Dalili: kwenye gemu, mlio unachelewa baada ya kugusa

Hapa hakuna cha kufidia, kwa hiyo lazima ujue kila sehemu ya njia inakula kiasi gani. Watu hubishana kwa hisia wakati kupima ni rahisi. Chukua simu ya pili na uifanye irekodi sauti. Weka hedifoni moja karibu kabisa na maikrofoni yake. Fungua gemu, na ugonge kitufe cha kufyatua risasi kwa ukucha ili kioo kitoe mlio. Gonga mara kumi hivi, ukiacha nafasi kati ya pigo moja na jingine. Kisha fungua rekodi kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti. Utaona vilele viwili kila mara: kimoja kikali na chembamba, ambacho ni ukucha, na kingine kipana, ambacho ni risasi. Chagua nafasi kati yao na usome urefu wake chini ya dirisha. Rudia ukiwa umezima Bluetooth, kwa spika ya simu.

Tuseme kwa spika ya simu wastani ni milisekunde 95. Hiyo ni ya gemu na kioo chenyewe, na hakuna hedifoni itakayoiondoa. Kwa Bluetooth unapata 310. Maana yake Bluetooth imeongeza 215, na hizo ndizo unazopigania. Ukiwasha hali ya gemu ya hedifoni na jumla ikashuka hadi 170, sehemu ya Bluetooth imebaki 75. Bila kile kipimo cha spika ungesoma 170 na kudhani hedifoni bado ni mbaya.

Kwa mpangilio wa kujaribu, hali ya gemu ya hedifoni ndiyo ya kwanza. Inawashwa ndani ya programu ya mtengenezaji, au kwa kugusa hedifoni mara kadhaa kama kijitabu chake kinavyoeleza. Inachofanya hasa ni kufupisha bafa, kwa hiyo tegemea mikatiko zaidi ukienda mbali na simu. Pia zima vionjo vya ziada kama sauti ya kuzunguka, kwa kuwa uchakataji wake unachukua muda.

Kisha kodeki. Kwenye Android, nenda `About phone`, gusa `Build number` mara 7, halafu ndani ya `Developer options` fungua `Bluetooth audio codec`. Ukikuta LDAC, itoe. Ni kodeki ya ubora wa sauti, na kwa kawaida ndiyo yenye ucheleweshaji mkubwa. Chagua aptX Adaptive kama ipo, au aptX, na hata SBC inaweza kuishinda. Pima tena kila ukibadilisha, na uangalie baada ya kuunganisha upya, kwani simu nyingi hurudi kwenye chaguo la mwanzo. iPhone haikupi chaguo hili, na inatumia AAC au SBC tu.

Usinunue hedifoni mpya kwa sababu tu boksi limeandikwa toleo kubwa la Bluetooth. Toleo la 5.0 au 5.3 peke yake halipunguzi pengo ikiwa sauti bado inapita kwa SBC ileile. Kinachobadilisha mambo ni LE Audio na kodeki yake ya LC3, na lazima iwepo pande zote mbili. Android iliianza kwenye toleo la 13.

Kwa mashindano, au gemu la kurusha risasi ambako unasikiliza hatua za adui, achana na Bluetooth. Tumia waya, au hedifoni za gemu zenye kipokezi chake cha USB. Hizo nazo hazina waya na mara nyingi zinatumia gigahezi 2.4, lakini kwa lugha yao wenyewe, bila bafa ndefu. PlayStation 5 haipokei hedifoni za Bluetooth moja kwa moja kwa hali yoyote, kwa hiyo huko uamuzi umeshafanywa.

Gemu za muziki zina nafuu yake. Wimbo unajulikana mapema, hivyo gemu linaweza kuuanzisha kabla ya muda. Tafuta `Audio offset` au `Calibration` ndani ya mipangilio, na uifanye ukiwa umevaa hedifoni utakazochezea.

Dalili: ukifungua maikrofoni ya kuongea na wenzako, sauti inakuwa kama ya redio mbovu

Hedifoni zimehamia hali ya simu, ambayo ina njia moja ya sauti na ubora wa chini. Pengo hupungua, lakini gemu linaharibika masikioni. Tumia maikrofoni ya kompyuta au simu yenyewe, na uache hedifoni zipokee tu.

Wapi uache na umwite fundi

Hedifoni zikivimba, zikipata joto kali zikiwa zinachajiwa, au kifuniko kikiachia chenyewe, acha kuzichaji na usizivae. Humo ndani mna betri ya lithiamu, na ukiichoma kwa bisibisi inaweza kuwaka. Usizifungue kutafuta "kupunguza pengo", hakuna cha kurekebisha humo.

Televisheni usiifungue nyuma hata kama umeichomoa, kwa sababu baadhi ya vipuri vyake hubaki na umeme wa kudhuru. Kama haizioni hedifoni zozote, au inaziacha zote baada ya dakika chache hata zikiwa mita moja mbele yake, moduli yake ya Bluetooth ndiyo ya kukaguliwa, na hiyo ni kazi ya fundi au ya dhamana.

Kwa simu, peleka pale tu ambapo hedifoni mbili tofauti zinakatika zikiwa karibu kabisa, na hedifoni hizohizo ziko sawa kwenye simu nyingine. Kama ilianza baada ya simu kuanguka au kubadilishwa kioo, mweleze fundi hivyo mapema, kwa sababu waya wa antena unaweza kuwa umeachia. Na usikubali kuwekewa mfumo wa simu usio rasmi ili kuongezewa kodeki. Chipu ya hedifoni isipoijua kodeki hiyo, hakuna programu ya upande wa simu itakayoifundisha.